Desimali Mbili na Mwangwi wa Tatu

Mimi ni mwoga, na sioni haya kulisema. Naogopa mbwa, naogopa lifti, naogopa simu ikiita kutoka namba nisiyoijua. Lakini woga wa siku niliyotetea tasnifu yangu ya uzamili ulikuwa wa aina yake. Uliniamsha kabla ya jogoo wa jirani, ukaniketisha kitandani Dagoretti Corner nikiwa nimekumbatia kompyuta kama mtu anayelinda mtoto mgonjwa.

Sababu ilikuwa moja. Chuo kilikuwa kimeniongezea muda kwa mara ya mwisho. Nilikuwa nafundisha fizikia sekondari mchana na kusoma kwa kuibia ibia, na miaka ikapita hadi barua ya idara ikaniambia waziwazi: nisipofaulu safari hii, jina langu litafutwa na kazi yote iende na maji. Hakukuwa na safari nyingine. Nilijua hivyo kila nilipomeza mate.

Mama mdogo alinipigia simu alfajiri hiyo. Yeye anafanya kazi ya nyumba Kileleshwa, na tangu nitoke magharibi kuja Nairobi amekuwa mama yangu wa mjini.

"Umekula?" akauliza.

"Siwezi kula, mama."

"Hiyo ni ujinga sasa. Utaenda kuongea na watu wakubwa na tumbo tupu? Kunywa hata chai. Na usiwajibu haraka haraka vile huwa unajibu mimi."

"Nikisahau kila kitu?"

"Si ni kitu yako? Umeifanya na mikono yako. Nitakuwa naomba nikipiga pasi."

Nilikunywa chai. Hilo tu ndilo nililoweza kumtii.

Niseme kidogo kazi yenyewe ilikuwa nini, maana bila hiyo woga wangu utaonekana wa kijinga. Nilikuwa naiga kwa kompyuta pigo moja fupi la wimbi la redio, linaposafiri hewani na kugonga bamba la kitu kisichopitisha umeme. Kwangu bamba hilo lilisimama badala ya tabaka la mahindi, kwa sababu nimekulia nyumba ambayo mahindi yaliwahi kuozea ghalani, na niliota siku moja mkulima atajua unyevu wa gunia bila kulifungua. Wimbi likigonga bamba, sehemu yake hurudi na sehemu hupenya. Ukisoma kinachorudi, unaweza kujua bamba limetengenezwa na nini na lina unene gani.

Kompyuta haijui wimbi. Inajua kujumlisha na kuzidisha tu. Kwa hiyo unakata mstari mzima, hewa na bamba, kuwa vipande vidogo vya milimita moja moja, na wakati nao unaukata kuwa hatua fupi fupi. Katika kila kipande unaweka namba mbili, moja ya uga wa umeme na nyingine ya uga wa sumaku, zimepishana nusu kipande. Hatua ikifika, umeme unasahihishwa kwa kutazama tofauti ya sumaku kushoto na kulia kwake. Kisha sumaku inasahihishwa kwa kutazama umeme. Zinapokezana hivyo, moja baada ya nyingine, kama watu wawili wanaotwanga katika kinu kimoja. Unachora grafu baada ya kila hatua, na mbele ya macho yako kilima kidogo kinatembea kuelekea bamba. Mara ya kwanza kukiona kinatembea nilipiga makofi peke yangu, na sijutii.

Kuna sharti moja tu. Katika hatua moja, habari haiwezi kuvuka zaidi ya kipande kimoja, kwa sababu kila namba inawaona majirani zake tu. Kwa hiyo hatua ya muda isizidi muda ambao mwanga, wenye kasi ileile ya wimbi la redio, huchukua kuvuka kipande kimoja cha hewa. Ukiizidisha, unaitaka kompyuta ijue jambo ambalo bado halijawafikia majirani, na hesabu inapagawa. Ikiwa sawasawa na muda huo, ndiyo hatua tamu kuliko zote, kwa sababu pigo husafiri hewani bila kuharibika umbo hata kidogo. Mimi nilichagua hiyo tamu, mpakani kabisa. Msimamizi wangu aliisifu.

Msimamizi wangu nimweleze pia. Mzee mwenye suti za kijivu na sauti ya mwenyekiti wa harambee, mtu wa Kiambu mwenye mashamba na vyumba vya kupangisha, aliyekuja idarani mara mbili kwa wiki na kutuacha tukimsubiri kwenye korido. Nilimwogopa kuliko mtahini yeyote, kwa kuwa mtahini ana siku moja nami, na yeye alikuwa na saini. Hakuna ukurasa uliotoka idarani bila saini yake. Alikuwa na amri zake. Mojawapo ilikuwa kwamba kila namba katika jedwali iwe na desimali mbili, si zaidi, si pungufu. Alinirudishia rasimu kwa sababu ya desimali, akaitupa mezani.

"Hii ni tasnifu ama ni namba za simu?" akasema. "Desimali mbili. Na programu ilingane na jedwali. Mtahini akikuta namba mbili tofauti, mimi ndiye naaibika."

"Ndiyo, daktari."

Mwanga huvuka milimita moja kwa pikosekunde 3.336 hivi, na pikosekunde ni sehemu ya trilioni ya sekunde. Katika programu yangu ya awali kompyuta ilikuwa ikiikokotoa yenyewe namba hiyo, na mkia wake wote mrefu. Nikafanya kama nilivyofundishwa tangu darasa la sita, na kama ninavyowafundisha wanangu wa kidato cha pili: sita ni zaidi ya tano, panda juu. Nikaandika 3.34 katika jedwali. Halafu, ili vilingane, nikafuta ule mstari wa kukokotoa na kuandika 3.34 katika programu kwa mkono wangu. Nikaendesha upya michoro yote. Ilitoka safi, mizuri, nikaibandika kwenye tasnifu na kuipeleka kufungwa jalada. Nilijisikia nadhifu.

Chumba cha kutetea kilikuwa ghorofa ya juu katika jengo la idara, katikati ya mji. Nilipanda ngazi, lifti siipandi. Madirisha yalikuwa wazi na kelele za barabarani zikaingia pamoja na harufu ya mvua. Walikuwepo watu watatu: mwenyekiti wa kikao, ambaye sikumbuki alichosema zaidi ya kutukaribisha, msimamizi wangu, pembeni, mikono juu ya tumbo, na mtahini wa nje, mama mwembamba mwenye nywele fupi za mvi, ambaye sifa zake zilikuwa zimefika kabla yake. Walisema hajawahi kupandisha sauti na hajawahi kumwachia mtu. Tulizungumza Kiingereza, kama ilivyo desturi ya vikao hivyo, lakini mimi nayakumbuka maneno kwa Kiswahili, kwa sababu woga wangu huongea Kiswahili.

Nusu saa ya kwanza ilienda vizuri kupita nilivyotarajia. Nilionyesha pigo likiondoka, likigonga bamba. Bamba langu lilikawiza wimbi mara mbili, yaani ndani yake wimbi lilienda nusu ya kasi ya hewani. Mwangwi wa kwanza ulirudi ukiwa kichwa chini miguu juu, theluthi ya urefu wa pigo la asili, sawasawa na inavyosema nadharia. Kisha mwangwi wa pili, ule uliopenya, ukagonga uso wa nyuma na kurudi, ukatokea ukiwa wima, mfupi kidogo tu kuliko wa kwanza. Programu ikasimama hapo, kama nilivyokuwa nimeiamuru.

Mtahini akaegemea mbele. "Nzuri. Sasa ndani ya bamba bado kuna wimbi linadundadunda. Kila mwangwi unaofuata unapaswa kuwa sehemu ya tisa ya uliotangulia. Nataka kuuona wa tatu. Hebu iache iendelee."

Sikuwa nimewahi kuiacha iendelee. Yaani nilikuwa nimewahi, zamani, kabla ya desimali mbili. Tangu hapo, kamwe. Nilibadilisha urefu wa safari ya programu, nikabonyeza, nikarudi nyuma hatua moja ili wote waone ukutani.

Pigo likaenda. Mwangwi wa kwanza. Mwangwi wa pili. Nikashusha pumzi. Halafu, mahali ambapo hapakupaswa kuwa na chochote, nikaona mstari umeota vinyweleo. Nilidhani ni projekta. Vinyweleo vikawa meno, juu, chini, juu, chini, kila kipande kinyume cha jirani yake, kama msumeno. Kufumba na kufumbua meno yakawa marefu kuliko pigo. Grafu ikajipima upya ili iyakubali, na pigo langu, kazi ya miaka yangu yote, likalala likawa mstari bapa usioonekana. Namba pembeni zikawa maelfu, zikawa mamilioni, zikawa kitu kisichosomeka.

Nikabonyeza kitufe cha kusimamisha, nikiwa nimechelewa.

Nikawaza: basi, imekwisha. Nikawaza habari za barua ile. Nikamwona mama mdogo na pasi yake. Nikamtazama msimamizi wangu, na msimamizi wangu akatazama dirisha.

"Nini kimetokea?" mtahini akauliza.

"Sijui," nikasema. Ndilo jibu la kweli la kwanza nililotoa siku ile.

"Unadhani ni wapi?"

"Ni bamba," nikasema haraka, mama mdogo angenipiga kofi. "Pengine mpaka wa hewa na bamba. Uga unaruka pale, na labda sikuweka vizuri namba za kipande cha mpakani."

"Labda. Irudishe. Ikifika yanapoanza meno, isimamishe."

Nikairudisha. Vidole vilikosea vitufe mara mbili. Nikaisimamisha vinyweleo vilipoanza tu.

"Sasa usiniambie unachodhani. Niambie unachokiona."

Nilitazama. Nilikuwa nimelitazama bamba lile kwa miaka, hata ndotoni, na sasa nililazimika kuyatoa macho pale na kuyapeleka pembeni. Meno yalikuwa hewani. Yalikuwa kulia na kushoto, hasa upande pigo lilikotokea, na bamba katikati lilikuwa limetulia kabisa kama bwawa. Katika sehemu niliyoiogopa hapakuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika sehemu tupu, ambayo sikuwa nimeifikiria tangu mwaka wa kwanza.

"Ni hewani," nikasema. "Bamba limetulia."

"Kwa nini bamba litulie na hewa ipagawe?"

Hapo nikaelewa, na kuelewa kukanitisha kuliko kutoelewa. Ndani ya bamba wimbi ni la polepole, kwa hiyo hatua yangu ya muda, hata ikizidi kidogo, bado ni fupi sana kwake. Hewani ndiko mwanga una kasi yake yote. Ni hewa inayotoa amri. Nikaenda ubaoni, nikachukua kalamu, nikaandika 3.34, nikagawanya kwa 3.336. Jibu lilizidi moja. Kwa kidogo sana, sehemu moja na ushee kwa elfu, lakini lilizidi.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Ile ziada haikuanza kufanya kazi baada ya mwangwi wa pili. Ilianza hatua ya kwanza kabisa. Makosa madogo yasiyoonekana, yale ya kompyuta kukata mikia ya namba, yalikuwa yakizidishwa katika kila hatua, yakizidishwa tena, chini ya mchoro mzuri niliowaonyesha watu kwa majivuno. Kila mchoro ndani ya tasnifu ile yenye jalada jeusi ulikuwa na ugonjwa huo tumboni. Nilikuwa nimesimamisha programu kabla homa haijapanda, basi.

"Hatua yangu ya muda imezidi," nikasema nikiwa nimewapa mgongo. "Nilikadiria kwenda juu. Ilipaswa kwenda chini."

"Nani hukadiria hatua ya muda kwenda juu?" Mtahini hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu angepandisha.

Nilijua jibu. Jibu lilikuwa limeketi pembeni na suti ya kijivu. Nilisubiri, nakiri nilisubiri, labda atakohoa, labda atasema neno. Hakukohoa.

"Ni mimi niliyeandika," nikasema.

"Basi irekebishe hapa hapa. Tuone."

Nikakaa kwenye kompyuta. Nikafuta nne, nikaweka tatu. 3.33. Tarakimu moja tu. Nikabonyeza, na sikurudi nyuma safari hii, nilikaa na uso wangu karibu na kioo kama mtu anayesubiri majibu ya daktari. Kama nimekosea, kama kuna kosa la pili nyuma ya hili, hakuna nafasi nyingine tena. Pigo likaondoka. Mwangwi wa kwanza, kichwa chini. Mwangwi wa pili, wima. Nikafika pale vinyweleo vilipoanzia na nikafumba macho, naapa nilifumba. Nilipofumbua, mstari wa hewa ulikuwa laini. Kutoka kwenye bamba kulikuwa kunatoka kauvimbe kadogo, kadogo mno, sehemu ya tisa ya mwenzake.

"Wa tatu ule," mtahini akasema. "Iache."

Tuliiacha hadi bamba likanyamaza lenyewe. Wa nne sikuuona kwa macho, ilibidi nisome namba. Kisha mwenyekiti akaniambia nitoke nje wajadiliane.

Korido ile sitaisahau. Kulikuwa na benchi na sikuweza kukaa. Nilisimama nimeegemea ukuta, nikisikia sauti zao bila kusikia maneno, na nikajaribu kuomba nikashindwa, nikawa narudia tu "Mungu wangu" kama kasuku. Nilikasirika pia, nisidanganye. Nilimkasirikia yule mzee hadi machozi yakanitoka, halafu nikaogopa asije akatoka akaniona nalia akajua kwa nini.

Waliponiita, mtahini ndiye aliyesema. Nimefaulu, kwa sharti la marekebisho makubwa: kila mchoro uendeshwe upya, sharti la hatua ya muda lielezwe katika sura yake, na safari ya programu iwe ndefu hadi bamba linyamaze. "Na marekebisho," akamalizia, "yatathibitishwa na msimamizi." Akamgeukia. Mzee akaitikia kwa kichwa.

Nilishuka ngazi naye yu ubavuni. Alikuwa akishika kishikio cha ngazi polepole, kwa umri wake. Tulipofika chini, kwenye kelele za magari, akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Si nilikuambia uwe makini?" akasema.

Nilijua saini iko mfukoni mwake. Nilijua jina langu linaweza kufutwa kwa yeye kukaa tu na karatasi zangu bila kufanya lolote mpaka muda upite. Na bado mdomo wangu, huu mdomo ambao mama mdogo huulalamikia, ukafunguka.

"Daktari, wewe ndiye uliniambia desimali mbili. Na programu ilingane na jedwali."

Alinitazama. Hakukasirika, hakukubali. Akavuka barabara kuelekea gari lake, na mimi nikabaki pale nimefaulu, nikiogopa kuliko nilipoingia.

Wiki iliyofuata sikulala vizuri hata siku moja. Kila nilipotoka darasani niliketi chumba cha walimu na kuendesha michoro, mmoja baada ya mwingine, nikiiacha kila safari iende mpaka mwisho. Nilipomaliza nikapeleka mzigo wote ofisini kwake, nikasimama mbele ya meza, maana hakuniambia nikae. Alifungua moja kwa moja ukurasa wa jedwali. Palikuwa na 3.33, na chini yake maelezo niliyoyaandika: hatua ya muda hukadiriwa kwenda chini daima, na hewa, si bamba, ndiyo huweka kikomo. Akasoma. Akarudia kusoma. Dakika zile nilikuwa nimeshajiandaa kwa lolote, hata kwa kumpigia magoti.

Akachukua kalamu, akatia saini.

Nilitaka kukimbia kabla hajabadili nia, lakini hakuziachilia karatasi. Alizishika kwa mikono yote miwili, macho yake bado kwenye ile 3.33.

"Ile programu," akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Unaweza kunitumia leo? Nina wanafunzi wengine wawili wenye desimali mbili. Mmoja anatetea Ijumaa."